Hizo Si Nywele, Ni Kofia ya Wino

Wacha niseme hii kitu vile iko, hata kama kuna wenye studio watafuta namba yangu leo.

Ukitoka Kitale uende Bungoma kwa ile barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye, angalia mabango ya wanaume waliovuka miaka hamsini. Bango la mazishi, bango la harambee, bango la msee anayetaka kiti 2027. Mara nyingi utaona kitu kimoja: laini nyeusi tititi imekatwa kutoka pembe moja ya paji hadi nyingine, imenyooka kama imepigwa rula. Chini ya laini kuna uso wa mtu wa miaka sitini na tano, na mikunjo yake yote. Juu ya laini kuna nywele za kijana wa fomu tu. Fundi anaita hiyo "kumrudishia mzee nywele." Mimi naita kumvalisha kofia ya wino.

Kabla mnirukie, elewa siko upande wa wale wanasema picha isiguswe kabisa. Hao nao wananichosha. Mtu mwenye nywele zilizopungua huonekana na kipara kikubwa kwenye picha kuliko vile tunavyomwona tukiwa tumekaa naye. Sababu ni mwanga. Flashi ya studio, ama jua la saa sita hapa kwetu ambalo linasimama karibu juu ya utosi, hupita katikati ya nywele chache, linagonga ngozi ya kichwa, na ngozi inang'aa. Kamera inaona huo mng'ao, inameza nywele nyembamba zilizo pale, na mzee aliyekuwa na nywele za wastani anatoka na paji linalofika katikati ya kichwa. Kwa hivyo kuongeza nywele kidogo si uongo. Ni kurudisha kile ambacho mwanga ulikula. Ugomvi wangu ni na mkono wa fundi.

Na usiniambie hii ni mambo ya urembo tu. Picha ya mazishi haitumiki siku moja. Inapanda mbele ya gari, inakaa juu ya jeneza, inachapishwa kwenye programu, halafu inatiwa fremu na kutundikwa sebuleni miaka thelathini. Mtoto aliyezaliwa baada ya mazishi atamjua kuka wake kwa hiyo picha peke yake. Niliwahi kumsikia mama mmoja kule Chwele akishika programu ya babake na kuuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani mmemweka hapa?" Hakuwa anatania. Kwa siasa nako, mnakumbuka Agosti 2022, uchaguzi wa gavana kwa majirani zetu wa Kakamega ulisongeshwa hadi tarehe 29 kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na picha na maelezo yasiyo sahihi. Sura kwenye karatasi ni kitu watu wanakitazama. Usicheze nayo.

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe. Kwa nini inaonekana wigi?

Jibu haliko kwa kompyuta, liko kwa kichwa. Nywele za mwanaume zikirudi nyuma, hazing'oki zote siku moja kama mahindi yakivunwa. Kila shina la nywele linapungua kidogo kidogo. Unywele uliokuwa mnene unakuwa mwembamba, halafu mfupi, halafu unabaki kama malaika wa mkononi, karibu hauonekani. Kwa hivyo mbele ya nywele nzito za mzee daima kuna eneo la katikati, ambapo kuna nywele dhaifu na ngozi inayoonekana. Hata kichwa ambacho hakijapoteza kitu kina eneo hilo. Ukiangalia kwa karibu ukingo wa mbele wa mtu yeyote ambaye hajapitishwa wembe, utaona nywele za kwanza zimesimama moja moja, na upana wa hilo eneo ni kama nusu sentimita hadi sentimita moja. Nyuma yake ndipo nywele zinaanza kuota mbili mbili, tatu tatu kutoka tundu moja, na hapo ndipo weusi unakolea.

Wigi ya bei rahisi haina hilo eneo. Inaanza na weusi wote kwa mara moja. Fundi akichora laini amefanya kitu hicho hicho. Hata kama rangi ni sahihi, hata kama ni mwembamba wa mkono kuliko wote Kanduyi, akishaondoa ile sentimita moja ya mashaka, jicho la mtazamaji linasema wigi kabla akili haijajua kwa nini.

Lawama zingine ziende kwa vinyozi, bana. Siku hizi kijana akienda kunyolewa anapigwa laini kwa wembe, halafu inajazwa rangi nyeusi ili ionekane kali. Kwa kijana wa miaka ishirini na mbili, sawa, ni staili, na ukimpiga picha laini iko hapo kweli. Lakini mafundi wetu wamelelewa kwa hizo laini mpaka wanadhani kichwa cha binadamu kimeumbwa hivyo. Wanampa kila mzee laini ya kijana wa Ijumaa jioni.

Lawama nyingine iende kwa video za mafunzo. Wasee wengi wamejifunza kuhariri kwa video za watu wenye nywele za kulala. Pale mwalimu anachukua brashi ya pikseli mbili na kuvuta nyuzi ndefu, moja baada ya nyingine, kutoka kwa paji kwenda nyuma. Kwa nywele hizo inafanya kazi. Kwa nywele zetu ni balaa. Nywele zetu zikikatwa fupi hazionekani kama nyuzi. Kila unywele unajikunja, unakumbatiana na jirani yake, na kamera inaona punje. Punje ndogo ndogo nyeusi, na katikati yake ngozi. Ukivuta nyuzi juu ya kichwa cha punje, mzee anatoka kama amepakwa kwa ufagio. Wazee waliokuwa wakirekebisha picha za filamu kwa mkono walijua hii siri bila kompyuta: walijaza sehemu kwa brashi nyembamba kwa kudonoa nukta, si kwa kuvuta mistari. Nukta ndiyo lugha ya karatasi ya picha, na kwa bahati nzuri ndiyo lugha ya nywele zetu pia.

Hebu tuchukue kazi moja tuifanye mpaka mwisho. Mzee wa miaka sabini na mbili, wa upande wa Kiminini. Familia imeleta picha ya kamera, faili kamili, amekaa kwenye kiti nje ya nyumba, jua liko juu kidogo upande wake wa kushoto. Nywele fupi, za kando ni nzito na zina mvi, za mbele zimepungua, na pembe mbili za paji zimeingia ndani. Paji linang'aa. Binti yake anasema, "Papa hakuwa na kipara hivi. Mtengenezee kidogo, lakini awe yeye."

Kitu cha kwanza sichori. Napima. Watu wengi hawajui kwamba picha ya uso huja na rula yake ndani: lile duara la rangi kwenye jicho. Kwa watu wazima karibu wote upana wake ni milimita 12 hivi. Kwa picha hii nimekuza jicho nikahesabu, duara lina pikseli 96. Gawa kwa 12, unapata pikseli 8 kwa kila milimita. Sasa najua kila kitu. Punje moja ya nywele zake, ambayo ni kama milimita moja na nusu hadi mbili, itakuwa pikseli 12 hadi 16. Lile eneo la mashaka la nusu sentimita hadi sentimita nzima litakuwa pikseli 40 hadi 80. Yule fundi wa laini anatumia brashi ya ukubwa gani? Hajui. Anabonyeza mpaka inakaa poa kwa skrini. Ndiyo maana mzee mmoja anatoka na punje za ukubwa wa maharagwe.

Cha pili, natafuta mpaka. Nakuza picha hadi asilimia mia mbili na kuangalia paji polepole. Mbele ya nywele nzito kuna wale malaika, vivuli vidogo ambavyo hujaviona ukiwa mbali. Pale vinapoishia ndipo ukingo wake wa kweli unapoishia. Kwa mzee huyu vinafika kama sentimita moja na nusu mbele ya nywele nzito, hapo katikati. Kwenye pembe za paji havipo kabisa. Basi katikati nina ruhusa ya sentimita moja na nusu, na kwenye pembe sina ruhusa. Hapa ndipo mabango mengi yanaharibikia. Fundi anajaza pembe. Mwanaume mzima, hata mwenye nywele zake zote, pembe zake huwa zimeingia nyuma kidogo, na ncha ya ile pembe hukaa karibu na mstari unaopanda wima kutoka kona ya nje ya jicho. Ukizijaza zikawa duara, umempa uso wa mtoto. Pembe za mzee ni kama saini yake, wanawe wanamjua kwazo hata kama hawajui wanazijua.

Sasa kazi ya mkono, na inaanza na ngozi, si nywele. Nafungua tabaka jipya tupu juu ya picha, na kwa orodha ya namna ya kuchanganya nachagua `Darken`. Nachukua brashi laini, nashika `Alt` na kuokota rangi ya ngozi ya kichwa mahali penye kivuli, kahawia ya kweli ya mzee, si nyeusi. `Flow` naweka asilimia 8. Halafu napaka polepole juu ya ule mng'ao katikati ya nywele zilizopo. Uzuri wa `Darken` ni kwamba inagusa tu zile pikseli ambazo ni nyeupe kuliko rangi niliyookota. Mng'ao unatulia, lakini nywele ambazo tayari ni nyeusi haziguswi hata kidogo. Ghafla zinaonekana. Zilikuwa hapo siku zote, zimefunikwa na mwanga.

Simama hapo uangalie. Mara nyingi, na nasema mara nyingi kwa maana, kazi imeisha. Mzee ameshaonekana kuwa na nywele nzito zaidi na hujaongeza hata unywele mmoja. Ningekuwa na uwezo ningekataza kila fundi wa kaunti hizi mbili kushika brashi nyeusi kabla hajafanya hii hatua. Usifute mng'ao wote, lakini. Acha kidogo, kwa sababu paji chini yake bado linang'aa, na mwanga hauwezi kukata kona ghafla pale ngozi inapoingia kwenye nywele. Paji linalong'aa likigonga weusi uliokauka ni ishara nyingine ya wigi.

Kwa mzee wetu bado hapo katikati pana upungufu. Nywele zitatoka wapi? Zitatoka kwake mwenyewe. Natafuta sehemu ya kichwa chake iliyo nzito, yenye mwanga unaotoka upande ule ule, na iliyo wazi kama mbele, kwa sababu nywele za pembeni kabisa huwa zimefifia kidogo nje ya umakini wa lenzi. Napata juu kidogo ya sikio la kushoto. Kwa `Lasso Tool` nazungushia kipande kidogo, kama sentimita mbili, yaani pikseli 160, ukingo wake nikiulainisha kwa `Feather` ya pikseli 12. Nabonyeza `Ctrl+J`, kipande kinakuwa tabaka lake, nakisogeza mbele, nakizungusha digrii kumi na tano hivi ili kisifanane na kwao. Hilo tabaka pia naliweka `Darken`. Punje nyeusi zinaingia, na nafasi za ngozi zilizo katikati yake haziwezi kung'arisha chochote.

Usikigeuze kioo. Najua ni rahisi, unachukua cha kushoto unakigeuza kiende kulia. Lakini jua la picha hii liko kushoto, kila punje ina upande wake wa mwanga na upande wa kivuli. Ukigeuza, una nywele zenye jua lake peke yao. Na usikinyooshe kikubwa kimoja kifunike paji lote. Vipande vitatu au vinne vidogo kutoka sehemu tofauti, vikipishana. Kipande kimoja kikirudiwa, jicho litashika ule mchoro kama linavyoshika kitenge.

Halafu ukingo. Kwa kila tabaka naweka barakoa, `Layer Mask`, na hapo ndipo ninapotengeneza ile sentimita ya mashaka. Brashi ngumu, pikseli 14, rangi nyeusi ya kuficha. Kwa mipangilio ya brashi naongeza `Spacing` hadi asilimia 180 ili nukta ziachane, nawasha `Scattering` zitawanyike, na `Size Jitter` asilimia 50 zisilingane. Naanza kula kipande kutoka upande wa paji. Mbele kabisa nabakisha punje moja hapa, nyingine kule, na nafasi. Nikirudi nyuma milimita tano nabakisha nusu. Nikifika sentimita moja siguzi tena. Ukingo usiende sawa. Uingie, utoke, uwe na pengo dogo ambalo halina sababu. Mkono ukianza kupanga nukta vizuri, inuka uende kunywa chai, kwa sababu mkono wa binadamu hupenda safu na nywele hazijui safu.

Hapo ndipo mtego uliowashika wengi unakuja, na sijaona mtu akiuongelea: mvi. Mzee huyu kando ana mvi. Lakini `Darken` hupitisha weusi tu, kwa hivyo kila unywele mweupe uliokuwa kwenye kile kipande umezuiwa mlangoni. Matokeo ni mzee mwenye mvi pembeni na nywele nyeusi safi mbele. Kwa mzee wa umri huo ni nadra kuona hivyo. Hata kama ukingo umeufanya kwa ustadi wote wa dunia, watu watasema amepaka rangi au amevaa kitu. Dawa ni kuchukua kipande kingine cha sehemu yenye mvi, kukiweka juu ya vile vya kwanza kwa `Lighten`, kupunguza `Opacity` hadi asilimia 50 au 60, na kuficha kwa barakoa mpaka zibaki mvi chache zilizotawanyika. Kwa mzee wa miaka sabini na mbili hizo mvi chache zina uzito kuliko punje zote nyeusi ulizohamisha.

Mwisho ni chembe. Kila picha ya kamera ina vumbi lake dogo la kielektroniki, hasa kwa vivuli. Nywele nilizohamisha zimekuja na vumbi lao, lakini ngozi niliyopaka haina, iko laini kama plastiki. Natengeneza tabaka lililojazwa `50% Gray`, nalichanganya kwa `Overlay`, naongeza `Add Noise` asilimia 2 na kuweka alama kwa `Monochromatic`, halafu nalifungia kwenye ile sehemu ya kichwa tu.

Utajuaje kama imekubali? Usijiulize wewe, umeshaitazama saa nzima na macho yako yameshazoea. Rudisha picha hadi asilimia 25, kwa sababu wigi huonekana ukiwa mbali kabla ionekane ukiwa karibu. Igeuze kulia iwe kushoto kwa dakika moja tu, uitazame kama sura mpya. Kisha weka tabaka la `Curves` juu ya yote na uvute ule mstari upande ghafla, mpaka picha iwe ya kutisha, vivuli viwe kama mchana. Kila mahali ulipobandika kitu kisichofanana na jirani yake patajianika kama kiraka kwenye suruali. Ukimaliza kuangalia, futa hilo tabaka. Na mtu wa kuonyeshwa ni yule aliyeishi naye, na usimwambie umefanya nini. Muulize tu kama ni picha nzuri. Akisema "ni nzuri" endelea. Akisema "nywele zimetoka poa," umeshindwa, punguza.

Kuna mipaka, na hapa ndipo nataka mafundi wawe na ujasiri wa kusema hapana. Familia nyingi hazileti faili ya kamera. Zinaleta picha iliyotumwa kwa WhatsApp, imepita simu nne, imebanwa kila mahali. Pima jicho. Kama lile duara lina pikseli 18, una pikseli moja na nusu kwa milimita, na punje ya nywele ni pikseli mbili au tatu. Hapo hakuna punje ya kuhamisha, kuna matope tu. Fanya ile hatua ya kutuliza mng'ao na uache. Ukijaribu kuchora punje kwenye picha kama hiyo, zitakuwa wazi kuliko macho ya mzee, na hakuna nywele duniani iliyo wazi kuliko macho ya mwenyewe. Ama omba watume tena kama faili, kwa `Document`, kutoka simu iliyopiga. Mara nyingi iko, ni vile hakuna aliyeuliza.

Karatasi nayo ina maneno yake. Skrini yako inaonyesha tofauti kati ya nyeusi na nyeusi zaidi, lakini mashine ya kuchapisha programu inazimeza zote na kuzifanya donge moja. Ile kazi yako yote ya punje inageuka kofia ya wino bila wewe kutaka. Kwa hivyo kabla sijatoa faili nahakikisha nywele haziendi chini ya 30 hivi kwa ile kipimo cha 0 hadi 255, na nachapisha kipande cha kichwa peke yake, ukubwa wa kitambulisho, kwa karatasi ile ile itakayotumika. Kwenye bango la mita mbili ni vivyo hivyo. Mwombe msee wa mashine akutolee kona kabla ya kulitoa lote.

Najua majibu yenu. La kwanza ni bei. "Kazi ya shilingi mia tano, unataka nikae saa nzima?" Sawa. Basi fanya kutuliza mng'ao, dakika tano, na uache. Hakuna mtu amekulazimisha kuchora laini. Laini nayo inachukua dakika tano, kwa hivyo usiniambie ni muda.

La pili ni lile la "mteja ndiye ametaka." Kwa bango la mgombea, haya, mgombea yuko hai, akichekwa soko la Kitale ni juu yake, na atasimama jukwaani na kichwa chake cha kweli chini ya uso wake wa bango. Lakini mzee aliyelala mochari hajataka chochote. Anayesema ni kijana wa familia aliyetumwa tauni na orodha ya vitu kumi, viti, hema, maua, picha, na anasema "mtengenezeeni poa" kwa sababu hajui kingine cha kusema. Hiyo si ruhusa ya kumpa mtu kichwa kipya. Muulize swali moja: nywele zake zilikuwaje akiwa kanisani Jumapili ya mwisho mlipokaa naye? Utaona anafikiria. Jibu lake ndilo kipimo.

La tatu linatoka kwa wale wengine, wa "muache vile Mungu alimuumba." Nimewajibu juu, lakini naongeza: Mungu hakumuumba chini ya flashi.

Kwa picha ya kitambulisho ama pasipoti, yote niliyoandika hapa weka kando, usiguse hata mng'ao. Mpige tena, msogeze kwenye kivuli, mpe kitambaa apanguse jasho.

Na ile faili asili, wenye studio, ihifadhini. Tabaka zote ziwe mbali na picha, msiunganishe na kutupa. Familia ikirudi baada ya mwaka mmoja kwa ibada ya kumbukumbu, ikisema sasa tunamtaka alivyokuwa, uwe na kitu cha kuwapa. Nikiwatembelea wengine wenu nakuta faili moja ya mwisho, imebanwa, ina laini, na mzee wa kweli hayuko mahali popote kwenye hiyo kompyuta.